Ikisiri ya Maneno 150: Jinsi ya Kuandika Ikisiri ya Makala Kuhusu Ari ya Walimu

Jioni moja tulikuwa kwenye kibanda cha roleksi, zile chapati za mayai, hapa Wandegeya jijini Kampala, mimi na dada mmoja anayefundisha shule ya msingi huku akisomea shahada ya uzamili. Alifungua kompyuta yake akanionesha ukurasa wa kuwasilishia makala. Jarida aliloandikia linataka ikisiri isiyozidi maneno 150. Yake ilikuwa na 180, na mfumo ulikuwa umeikataa kwa maandishi mekundu. "Mwalimu," akaniambia, "nisaidie kuondoa maneno thelathini tu."

Nilisoma ikisiri yake nikaona kwamba maneno thelathini hayakuwa shida. Yangeondolewa kwa dakika moja. Shida ni kwamba baada ya kuyaondoa, msomaji bado asingejua alichokigundua. Mwongozo huu unafuata hatua tulizopita jioni ile, kwa sababu makosa aliyoyafanya ndiyo ninayokutana nayo karibu katika kila ikisiri kuhusu walimu wetu. Nimebadilisha kila kinachoweza kumtambulisha, na takwimu za utafiti utakazoziona humu ni za kufundishia tu, zisinukuliwe.

Hii ndiyo rasimu yake

"Elimu ni ufunguo wa maisha na walimu ni nguzo muhimu katika maendeleo ya taifa lolote lile duniani. Tangu kuanzishwa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote nchini Uganda mwaka 1997, idadi ya wanafunzi katika shule za msingi imeongezeka kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo limeongeza mzigo wa kazi kwa walimu. Suala la motisha ya walimu limekuwa likijadiliwa na watafiti wengi katika nchi mbalimbali. Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kuchunguza mambo ambayo yanaathiri motisha ya walimu wa shule za msingi za serikali katika wilaya moja ya vijijini iliyoko mashariki mwa Uganda. Utafiti huu uliongozwa na Nadharia ya Vipengele Viwili ya Herzberg. Mbinu ya kitaamuli ilitumika ambapo jumla ya walimu 24 kutoka katika shule 6 walifanyiwa mahojiano ya ana kwa ana. Data zilichanganuliwa kwa kutumia uchanganuzi wa kimaudhui. Matokeo ya utafiti yameonesha kwamba kuna mambo mbalimbali ambayo yanaathiri motisha ya walimu, yakiwemo mshahara, makazi, uongozi wa shule na mazingira ya kazi. Utafiti unapendekeza kuwa serikali na wadau wengine wa elimu waboreshe maslahi ya walimu ili kuinua motisha yao na kuboresha elimu nchini. Pia utafiti unapendekeza kuwa tafiti zaidi zifanyike kuhusu mada hii."

Hatua ya kwanza: hesabu kila sehemu peke yake

Watu wengi huhesabu ikisiri nzima, wakaona namba, wakaanza kukata popote. Mimi humwomba mtu ahesabu sehemu kwa sehemu. Katika Word, chagua sentensi unazotaka kwa kipanya kisha fungua `Review` na `Word Count`. Anayetumia Linux aiweke ikisiri kwenye faili la maandishi matupu na kuandika:

```
wc -w ikisiri.txt
```

Njia zote mbili hutenganisha maneno kwa nafasi. Ndiyo maana `p < 0.05` huhesabiwa maneno matatu, na 500 000 yenye nafasi katikati huwa maneno mawili. Namba uiamini ile inayotolewa na mfumo wa jarida lenyewe, maana baadhi ya mifumo huhesabu pia vichwa vidogo kama "Lengo" na "Matokeo" iwapo jarida linavitaka. Soma maelekezo yao kwanza. Mtindo wa APA, toleo la saba, kwa kawaida huruhusu hadi maneno 250, lakini jarida likisema 150, ni 150.

Tulipohesabu rasimu ile kwa sehemu, tukapata hivi: usuli maneno 61, lengo 29, nadharia na mbinu 36, matokeo 23, mapendekezo 31. Dada yule alinyamaza kidogo. Alikuwa ametumia theluthi nzima ya ikisiri kueleza mambo ambayo msomaji wa jarida la elimu anayajua tangu zamani, na kile alichokifuata kijijini kwa muhula mzima kikapewa maneno 23.

Sasa tazama mtego. Sentensi ya kwanza ina maneno 17, ya tatu ina 13. Ukizifuta zote mbili, umeondoa maneno 30 kamili na ikisiri ina 150. Mfumo utaipokea. Mhariri ataifungua na kukuta utafiti uliogundua kwamba "kuna mambo mbalimbali". Hilo lingeweza kuandikwa hata kabla ya kwenda kuwahoji walimu. Ni kipimo kizuri sana: kama sentensi yako ya matokeo ingeweza kuandikwa kabla ya utafiti kufanyika, hiyo si sentensi ya matokeo.

Hatua ya pili: funga kompyuta, sema ulichokikuta

Nilimwambia afunike kompyuta anieleze, kama anavyomweleza mwalimu mwenzake chumba cha walimu, ni nini kilichomshangaza. Akasema bila kusita: "Wote walilalamika mshahara unachelewa. Lakini kuna shule mbili walimu bado wana moyo, na si kwamba wanalipwa zaidi. Mwalimu mkuu anaingia darasani, anakaa nyuma, kipindi kikiisha anakaa na mwalimu wanazungumza. Ila wale waliopanga mbali, hata wakisifiwa namna gani, wanataka kuhama."

Hiyo ndiyo makala yake. Ina jambo linalowaunganisha wote, jambo linalowatofautisha, na mpaka wa jambo hilo. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililokuwa kwenye rasimu. Nilimwomba aandike alivyosema, neno kwa neno, juu kabisa ya ukurasa mtupu. Ikisiri hujengwa kuanzia hapo kwenda nje: kwanza matokeo, kisha mbinu fupi inayotosha kuyaaminisha, kisha sentensi moja ya usuli inayomwonesha msomaji kwa nini matokeo hayo yanastahili kusomwa.

Usuli ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Badala ya kuanza na ufunguo wa maisha, tulijiuliza: ni jambo gani linalofanya ugunduzi huu uwe mpya? Walimu wa shule za msingi za serikali hapa Uganda hulipwa kwa viwango vya kitaifa. Mwalimu wa daraja lilelile katika shule hii na ile ya kijiji cha pili hupata mshahara uleule. Kwa hiyo ikiwa ari inatofautiana kati ya shule hizo mbili, mshahara peke yake hauwezi kuwa jibu. Sentensi moja kama hiyo inafanya kazi ambayo sentensi tatu za mwanzo hazikuifanya.

Angalizo kwa anayeandika kuhusu sekondari: hoja hiyo usiichukue ilivyo. Kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi huku mwenzake wa sanaa akibaki chini sana, na walimu waligoma mwezi Juni 2022 kwa ajili ya pengo hilo. Ikisiri ya sekondari isiyosema waliohojiwa wanafundisha masomo gani imeacha jambo ambalo mhakiki yeyote wa Uganda ataliuliza kwanza.

Hatua ya tatu: chagua neno moja, ulishike

Hapa ndipo Kiswahili kinapotaka uangalifu. "Motisha ya walimu" ina maana mbili. Mwalimu wa kawaida akisikia "motisha" hufikiria kitu anachopewa: chakula cha mchana, posho, bahasha ya mwisho wa muhula kutoka kwa wazazi. Mtafiti huwa anamaanisha ile nguvu ya ndani inayomfanya mtu aingie darasani na kufundisha kwa moyo. Kwenye makala ndefu una nafasi ya kufafanua. Kwenye maneno 150 huna. Ukiandika "shule ziongeze motisha ili kuinua motisha", msomaji amepotea.

Ninavyofanya mimi, hali ya ndani naiita "ari ya kufundisha", na vile vinavyotolewa navibakizia "motisha". Kuna na neno la tatu, "kuridhika na kazi", ambalo wengi hulichanganya na ari. Mwalimu anaweza kuridhika sana, karibu na nyumbani, bila anayemsumbua, na asiwe na ari yoyote ya kufundisha. Angalia maswali yako ya mahojiano: uliuliza nini hasa? Neno la ikisiri lilingane na swali ulilouliza, na lisibadilishwe kwa ajili ya kupamba lugha. Dada yule aliuliza "ni nini kinachokufanya uendelee kufundisha kwa bidii, na ni nini kinachokuvunja moyo?" Hiyo ni ari. "Motisha" ikatoka kote.

Hatua ya nne: andika upya, usikate

"Walimu wa shule za msingi za serikali nchini Uganda hulipwa kwa viwango vya kitaifa, hivyo mshahara pekee hauelezi kwa nini ari hutofautiana kati ya shule jirani. Utafiti huu ulichunguza mambo yanayodumisha au kuvunja ari ya kufundisha katika shule 6 za wilaya moja ya vijijini mashariki mwa nchi. Walimu 24 walihojiwa ana kwa ana na maelezo yao kuchanganuliwa kimaudhui. Wote walitaja kucheleweshwa kwa mshahara kuwa kero, lakini wengi wa walioeleza kuwa bado wana ari walikuwa na mwalimu mkuu anayeingia darasani mwao, kuwapa maoni baada ya kipindi na kuwashirikisha katika maamuzi. Msaada huo haukutosha kwa walimu waliopanga mbali na shule, ambao walieleza kuwa uchovu wa safari na kodi ya nyumba viliwafanya watafute uhamisho. Matokeo yanadokeza kuwa uongozi wa karibu hudumisha ari iwapo makazi yamepatikana, hivyo mafunzo ya wakuu wa shule yaende sambamba na ujenzi wa nyumba za walimu."

Hii ina maneno 136. Usuli 26, lengo 21, mbinu 11, matokeo 53, hitimisho 25. Matokeo yamekua zaidi ya mara mbili huku ikisiri nzima ikipungua kwa maneno 44.

Aliniuliza Herzberg ameenda wapi. Swali la haki. Nadharia ya Herzberg na wenzake, ya mwaka 1959, inatenganisha mambo ambayo yakikosekana huudhi, kama mshahara na mazingira ya kazi, na yale yanayomwinua mtu, kama kutambuliwa na kufanikiwa katika kazi. Matokeo yake yanagusa hapohapo, kwa hiyo ndani ya makala nadharia inastahili kurasa zake. Lakini kuitaja kwenye ikisiri kwa maneno 10 bila kusema imethibitika au imetikisika hakumsaidii msomaji. Tuliiweka kwenye maneno muhimu yaliyo chini ya ikisiri, ambayo jarida lile haliyahesabu. Kama hoja kuu ya makala yako ni kuisahihisha nadharia yenyewe, basi irudishe, na ipewe sentensi inayosema umeikuta na kasoro gani.

Mahali Kiswahili kinapokupa nafasi, na mahali kinapokunyima

Kitenzi chetu hubeba mengi ndani ya neno moja, na hiyo ni hazina kwa anayehesabiwa maneno. "Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kuchunguza" ni maneno manane. "Utafiti huu ulichunguza" ni matatu na hakuna kilichopotea. "Walifanyiwa mahojiano" huwa "walihojiwa". "Jumla ya walimu 24 kutoka katika shule 6" huwa "walimu 24 wa shule 6". Na "amba-" huingia ndani ya kitenzi: "mambo ambayo yanaathiri" huwa "mambo yanayoathiri".

Lakini "amba-" haiondoki kila mahali. "Walimu ambao hawakulipwa" ni watu wa wakati fulani, tuseme muhula ule. Ukiandika "walimu wasiolipwa" umeokoa neno moja na umegeuza utafiti, maana sasa ni watu ambao hawalipwi kabisa. Kitenzi kinachokanusha wakati uliopita hakina namna ya kubeba urejeshi ndani yake, kwa hiyo hapo iache "ambao" ilipo na utafute neno la kukata kwingine. Kwenye ikisiri yetu "ambao" ipo mara moja, na niliiacha kwa makusudi, kwa sababu sentensi ilikuwa tayari ina "waliopanga" na urejeshi wa pili ndani ya kitenzi ungeikanganya.

Usiunganishe maneno ili kuihadaa kompyuta. Nimeona "kwasababu" na "kwaajili" kwenye ikisiri za watu wazima. Mhariri wa Kiswahili huona haraka, na anaanza kutilia shaka na mengine.

Kinachotunyima ni misururu ya "ya, wa, za". "Mambo yanayoathiri ari ya walimu wa shule za msingi za serikali za wilaya" ina viunganishi vitano kati ya maneno kumi na matatu. Dawa yake ni kutaja kundi lako kwa ukamilifu mara moja tu, katika sentensi ya kwanza, na baada ya hapo kusema "walimu" basi. Msomaji hasahau ndani ya sentensi sita.

Maneno usiyopaswa kuyakata

Yako maneno yanayoonekana kama mafuta ya ziada kumbe ndiyo mfupa. Tazama "wengi wa walioeleza kuwa bado wana ari". Ningeweza kuandika "wengi wa wenye ari" na kuokoa maneno matatu. Lakini hakuna aliyeipima ari yao. Walimu wenyewe ndio waliosema. "Walioeleza" ndilo neno linaloiweka ikisiri katika ukweli. Vivyo hivyo "wengi" lisigeuke kuwa ukimya unaomaanisha "wote", na "yanadokeza" lisigeuke "yanathibitisha", kwa sababu mahojiano 24 ya wakati mmoja hayawezi kuonesha kwamba mwalimu mkuu *amesababisha* ari. Huenda walimu wenye ari ndio wanaomkaribisha mwalimu mkuu darasani. Wanaotumia hojaji na kupata uwiano wa takwimu hukumbwa na hili hata zaidi: nafasi ikibana, "inahusiana na" hugeuka "inaongeza", na kosa hilo mhakiki hawezi kulivumilia.

Jingine la kuangalia ni usiri. Ikisiri husomwa na yeyote bila malipo, hata pale makala yenyewe imefungwa. Wilaya zetu nyingi ni ndogo na walimu wakuu wanajulikana kwa majina. Ukitaja wilaya, kisha ukasema "shule pekee ya bweni" na "mwalimu mkuu wa kike", umemtaja. "Wilaya moja ya vijijini mashariki mwa nchi" inatosha kumpa msomaji mazingira, na walimu waliokuambia siri za kutaka kuhama wabaki salama.

Hatua ya mwisho: ikisiri ya pili, na nafasi ya akiba

Majarida mengi yanayochapisha kwa Kiswahili hutaka ikisiri ya Kiingereza pia, na kila moja ina kikomo chake. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, nimeona wenzetu hapa Kampala wakiandika ya Kiingereza kwanza, kisha wakiitafsiri. Mimi hushauri kinyume kwa makala iliyoandikwa kwa Kiswahili, na usitegemee idadi zilingane. "Viliwafanya" ni neno moja kwetu na ni mawili au zaidi kwao. "Shule za msingi za serikali" ni matano kwetu na ni matatu kwao. Hesabu upya, kisha weka zote mbili sambamba na uhakikishe 24 ni 24 na "wengi" ni "wengi" pande zote.

Halafu fungua makala na utafute kila namba na kila dai la ikisiri ndani yake. Dada yule alikuta sura ya matokeo inasema walimu 23, kwa kuwa mmoja alikuwa amejiondoa mwanzoni, jambo ambalo maelezo ya mbinu hayakulitaja. Ilibidi arudi kwenye daftari lake la mahojiano. Huyo aliyejiondoa alirudi baadaye akahojiwa, na sura ya matokeo ndiyo iliyokuwa na kosa.

Yale maneno 14 yaliyobaki hatukuyajaza. Wahakiki hupenda kuongezewa kitu, na ikisiri iliyojaa hadi ukingoni haina pa kukiweka. Maoni yaliporudi, mmoja aliuliza mahojiano yalifanyika lini. Dada yule akaongeza "katika muhula wa pili wa 2023" baada ya "ana kwa ana", maneno sita, ikawa 142, na hakulazimika kugusa sentensi nyingine yoyote.